Mbwa Anayekimbiza Mbuzi, Kuku na Baiskeli: Tulivyojifunza Kumgeuza

Katika ziara zetu kwa vikundi vya mbuzi wa maziwa tumezoea kuulizwa habari za minyoo, malisho na dume la kupandishia. Mwaka jana, katika kikundi kimoja cha kina mama huko Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, tuliulizwa habari za mbwa. Mbuzi mwenye mimba ya miezi minne alitolewa bandani ili banda lifagiliwe. Mbwa wa jirani, jina lake Simba, akatokea kwenye migomba na kumkimbiza. Mbuzi aliruka mfereji, akaanguka, na baada ya siku mbili akatupa mimba. Walikuwa watoto wawili.

Kamati za parokia zinafahamu maana ya hasara hiyo. Katika utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi, mtoto jike wa kwanza huenda kwa familia inayofuata kwenye orodha. Mimba moja ikitoka, familia iliyokwisha kujenga banda na kupanda majani ya matembo inabaki na banda tupu kwa miezi mingi. Mwenye mbwa alikwenda kwa mwenye mbuzi na jani la isale kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya Wachagga, na alisamehewa. Lakini Simba alikuwa bado yupo, na wiki ile ile aliua kuku wawili na kumwangusha kijana aliyekuwa akishuka na baiskeli yenye mkungu wa ndizi.

Ushauri ulitolewa mwingi. Wapo waliosema auawe. Wapo waliosema apigwe kila anaporudi nyumbani, na mzee mmoja alishauri afungwe shingoni kuku aliyekufa mpaka aoze. Sisi tulishauri afungwe kamba mchana kutwa na kufunguliwa usiku, na hapo ndipo tulipokosea. Baada ya wiki mbili za kufungwa hivyo, Simba alikuwa mbaya kuliko mwanzo. Ilibidi tutafute watu wanaojua kufundisha mbwa watueleze kwa nini, na makala hii ni yale tuliyojifunza kwao na kwa Simba mwenyewe.

Kukimbiza ndiyo zawadi yenyewe

Wengi wetu tulidhani mbwa hukimbiza kuku kwa sababu ana njaa. Njaa inaweza kuchangia, lakini mbwa aliyeshiba ugali na utumbo hukimbiza vilevile. Kinachomwamsha ni mwendo. Kitu kinachokimbia mbele yake huamsha ndani yake hatua za uwindaji alizozaliwa nazo: kukazia macho, kunyemelea, kufukuza, kushika, kuua. Mbwa wengi huishia kwenye kufukuza, na kule kufukuza tu kunamfurahisha kama vile angelipwa. Ndiyo maana hukimbiza hata gari, ambalo hawezi kulila. Tena kila gari linapopita linakwenda zake, na mbwa hurudi nyumbani ameridhika kwamba kazi aliifanya yeye.

Hivyo kila mara anapokimbiza anapata somo moja zaidi la kukimbiza. Mbwa akikimbiza mara tano kwa siku, ukamfundisha mara moja, umeshindwa kwa hesabu. Kumpiga akirudi hakusaidii, kwa sababu kwake yeye kipigo hakihusiani na mbuzi wa nusu saa iliyopita. Anachokielewa ni kwamba kurudi kwako kunaumiza, na kesho hatarudi ukimwita. Kumfunga mzoga shingoni kunamtesa, kunaleta funza na ugonjwa, na hakumfundishi lolote juu ya kuku aliye hai. Hapa tukumbushe pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Na kwa nini ushauri wetu wa kamba uliharibu? Tulikwenda kukaa kwenye ua ule jioni moja, tukaona wenyewe. Simba alikuwa amefungwa tangu asubuhi mahali ambapo aliona njia ya miguu vizuri. Kila baiskeli na kila bodaboda iliyopita aliirukia mpaka kamba ikamkaba. Ilipofika saa kumi na mbili jioni mwenye nyumba alimfungua. Sasa fikirini ni saa gani hiyo huku vihambani. Kuku wanarudi kulala, wengine wakiruka juu ya miti. Mbuzi waliofungwa kandokando ya njia wanarudishwa bandani. Watoto wanatoka kuchota maji huku wakikimbizana, na bodaboda zinapanda kutoka mjini. Mbwa aliyekaa saa kumi na mbili bila kutembea, akiwa amechokozwa mchana kutwa, anaachiliwa katika saa ile ile ambayo kila kitu kinakimbia. Tungetaka kumfanya mwindaji tusingepata mpango bora zaidi.

Kwanza, mnyime nafasi

Kazi ya kwanza haikuwa mafunzo. Ilikuwa ni kuhakikisha kwamba kwa wiki kadhaa Simba hapati nafasi hata moja ya kukimbiza. Isale na mimea mingine tunayopanda mipakani inaonyesha shamba la nani linaishia wapi, lakini haimzuii mbwa, na vihamba vingi havina lango. Kuzungushia kihamba kizima senyenge ni gharama ambayo familia ile haikuiweza, na hatukuwashauri.

Badala yake walifanya mambo matatu. Walihamisha mahali pa Simba kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma, karibu na jiko, na upande wa njia wakaweka ukuta wa mabua na mabati ya zamani wenye kimo cha mtu mzima. Mbwa anayeona barabara kupitia tundu za senyenge na kukimbia nayo sambamba anaendelea kujifunza kukimbiza, ingawa yuko ndani. Asipoona, anatulia.

Pili, badala ya kamba fupi, walivuta waya mnene kati ya miti miwili iliyoachana hatua kama kumi na mbili, juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha pete, na kwenye pete wakafunga kamba ya mbwa. Akitembea pete inateleza naye. Kamba iwe na urefu wa kumwezesha kulala na kufika kwenye maji na kivuli, isifikie ukuta anaoweza kuuruka akajinyonga. Tumieni mti imara kama mgrevilea au mparachichi. Tulishaona mahali walipotumia mgomba, na mbwa aliondoka nao. Shingoni avae mkanda mpana ambao vidole viwili vinapita chini yake, kamwe asifungwe waya. Hata hivyo waya huu ni wa saa chache tu. Mbwa akiachwa hapo mchana kutwa tutarudi kule kule tulikotoka.

Tatu, walibadilisha saa. Simba alianza kutembezwa kwa kamba alfajiri, kabla watu hawajaanza kushuka mjini, kwa muda wa nusu saa. Jioni hakufunguliwa mpaka kuku wote wamo kibandani, mlango umefungwa, na mbuzi wamo bandani. Hilo la kuhesabu kuku kabla ya kumfungua mbwa alipewa mtoto wa darasa la tano, naye alilifanya kwa makini kuliko wakubwa. Usiku Simba alifungiwa ndani ya ua mdogo wa nyuma ya nyumba, akaendelea kubweka akisikia mgeni. Hofu ya mwenye nyumba kwamba mlinzi wake ataharibika haikutimia. Mbwa hahitaji kukimbiza mbuzi ili ajue kubweka kwa mwizi.

Kwa mambo haya peke yake, matukio yalikoma wiki ya kwanza. Familia nyingi zinaweza kuishia hapo, na hatuoni aibu kusema hivyo. Mafunzo yanahitajika kwa sababu ipo siku kamba itakatika au mtoto ataacha mlango wazi.

Kumfundisha kugeuka

Neno lililochaguliwa lilikuwa “Geuka!” Neno lolote fupi linafaa, mradi nyumba nzima itumie hilo hilo na lisiwe neno ambalo mbwa ameshazoea kulisikia akigombezwa. Malipo yalikuwa dagaa wakavu waliokatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Wapo waliocheka kuona mbwa analipwa dagaa. Tuliwakumbusha kwamba pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kwa njia hiyo hiyo: panya akifanya sawa anasikia mlio mdogo, kisha anapata chakula. Panya hao wamenusa mabomu yaliyofukiwa ardhini huko Msumbiji. Kama panya anafundishika hivyo, Simba hana sababu ya kushindwa.

Wiki mbili za mwanzo mafunzo yalifanyika uani tu, bila mbuzi wala kuku. Mwenye mbwa anasema “Geuka!”, na mbwa anapogeuza kichwa kumtazama, anasema “Ndiyo!” na kumpa kipande papo hapo. Mara kumi, kisha basi. Dakika tatu zinatosha, mara tatu kwa siku, kabla ya chakula chake na si baada ya kushiba. Neno lisirudierudiwe. Ukisema “geuka, geuka, geuka” unamfundisha kwamba la kwanza na la pili si ya kwake. Mwisho wa wiki ya pili Simba alikuwa anageuka kabla neno halijamalizika, hata akiwa ananusa jambo lake.

Ndipo wakaenda kwenye mbuzi. Kwa hatua hii mbwa alivaa mkanda unaozunguka kifua, ulioshonwa na fundi viatu kutokana na mkanda wa zamani wa begi, na kufungwa kamba ya mita nane. Kamba ndefu isifungwe shingoni, kwa sababu mbwa akitimka na kufika mwisho wake anaweza kuumia vibaya. Na mshikaji asiizungushe mkononi, la sivyo atakayeumia ni yeye.

Siri ya kazi yote ni umbali. Mbuzi mmoja alifungwa mahali pa wazi, na Simba akaletwa taratibu kutoka mbali. Kuna mahali ambapo mbwa anamwona mbuzi, anasimamisha masikio, lakini bado anakula dagaa akipewa. Hapo ndipo pa kufundishia. Akisogezwa zaidi, anafika mahali ambapo mdomo unafumba, mwili unakakamaa, uzito unaegemea miguu ya mbele, na dagaa akipewa anamwacha aanguke. Akikataa chakula, jueni mko karibu mno, na kelele zote hazitasaidia. Rudini nyuma. Kwa Simba mahali pa kufundishia palikuwa hatua arobaini, mbali kuliko mwenyewe alivyotegemea, na ilibidi waombe uwanja wa jirani.

Kwenye hatua arobaini anamtazama mbuzi, anaambiwa “Geuka!”, anageuka, analipwa vizuri, vipande vitatu au vinne mfululizo, kisha wanaondoka naye kwenda mbali zaidi na mbuzi. Wakati wa kusema neno ni pale anapotazama tu, kabla hajaanza kuvuta. Akigeuka mara nne kati ya tano bila kusita, siku inayofuata wanasogea hatua tano. Akishindwa mara mbili kati ya tano, wanarudi hatua kumi. Walifanya hivyo siku nne kwa wiki, robo saa kila siku.

Haikwenda moja kwa moja. Wiki ya tano, wakiwa hatua kumi na tano, mtoto alipita akimkimbiza mwana mbuzi, na Simba akatimka kama vile hajafundishwa kitu. Kamba ilimzuia. Hakupigwa wala kukaripiwa. Alirudishwa, akapumzishwa, na kesho yake wakaanza tena kwenye hatua thelathini. Tukio lile lilitufundisha kwamba mbuzi aliyesimama na mbuzi anayekimbia ni masomo mawili kwa mbwa. Anayefuzu la kwanza hajafuzu la pili. Kwa hiyo mbuzi akianza kutembea, ongezeni umbali, na akianza kukimbia, ongezeni zaidi. Kuku ni wagumu zaidi ya mbuzi, kwa sababu hupaparika na kupiga kelele ghafla. Tunashauri waachwe mwisho, na watazamwe wakiwa ndani ya uzio wao.

Kwa baiskeli njia ni ile ile, tofauti ni kwamba baiskeli unaweza kuiagiza. Kijana yule yule aliyeangushwa alikubali kusaidia. Siku za kwanza aliisukuma tu kwa miguu, mbali, huku Simba akilipwa kwa kugeuka. Kisha akaipanda polepole, kisha kwa mwendo wake wa kawaida. Kwa magari na bodaboda hatumshauri mtu yeyote kufanya mazoezi barabarani. Kaeni ndani ya shamba, mbali na njia, na kamba isiachwe mkononi mwa mtoto. Nanyi wapanda baiskeli, mbwa akiwajia, kuzidisha mwendo ni kumpa anachokitaka. Shukeni, wekeni baiskeli kati yenu na yeye, msimkazie macho, tembeeni polepole. Mwendo ukiisha, mbwa wengi huacha.

Pale mafunzo yasipotosha

Mbwa aliyewahi kuua hataaminiwa kuachwa peke yake na kuku au mbuzi, hata akifuzu vipi. Hilo tulimwambia mwenye Simba tangu mwanzo. Neno “Geuka!” linafanya kazi mtu akiwapo wa kulisema. Wasipokuwapo watu, mlango ndio unaofanya kazi. Wala msijaribu kumpima kwa kumfungua “tuone kama amepona”. Akikimbiza mara moja tu bila kamba, mnaweza kupoteza kazi ya wiki tatu.

Mbwa wawili au watatu wanaozurura pamoja ni jambo jingine. Mmoja akitimka wote hutimka, na hakuna anayesikia. Kila mmoja afungiwe kwake na kufundishwa peke yake, na hapo wenye mbwa wanapaswa kukutanishwa, jambo ambalo kamati ya mtaa inaliweza kuliko sisi.

Tena mbwa ambaye jana alikuwa mpole na leo anakimbilia na kuuma kila kitu, sauti imebadilika, mate yanamtoka, au anayumba, hahitaji dagaa wala kamba. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Msimsogelee, mwiteni afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Simba alichanjwa kabla hatujaanza lolote, na tunaomba kila kikundi kifanye hivyo kwanza.

Familia zinazochukua mtoto wa mbwa sasa zina nafasi ambayo Simba hakuipata. Tangu umri wa wiki nane akae karibu na banda la mbuzi kila siku, akiwa amefungwa kamba, awaone wakila, walie, warukeruke, na alipwe akiwa ametulia. Watoto wasimchezee kwa kumkimbiza kuku ili wacheke. Kwa mbwa mdogo mchezo huo ndio darasa la kwanza.

Tulipofika Uru mara ya mwisho, Simba alikuwa amelala kando ya jiko huku mbuzi wakipitishwa umbali wa hatua kumi hivi. Alinyanyua kichwa, akawatazama, kisha akamgeukia mama wa nyumba kabla hajaitwa, akisubiri dagaa wake. Alipewa. Kamba ilikuwa bado kifuani, na mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye mgrevilea. Mbuzi yule aliyepoteza mimba amepandishwa tena, na familia inayofuata kwenye orodha imekuja mara mbili kuulizia tarehe.